Kivuli kirefu kwenye ngazi: ukate kwa mkono, utumie Displace au uende Blender?

Mbunifu wa mavazi anakuletea picha ya mwanamitindo aliyesimama kwenye uwanja mtupu, jua la jioni likimwangaza usoni. Anataka aonekane mbele ya ngazi za zege za jengo moja la zamani Upanga, ambalo tayari umelipiga picha. Kumkata na kumhamisha ni kazi ya kila siku kwa yeyote anayehariri picha hapa mjini. Picha inaharibikia kwenye kivuli: kinatakiwa kitoke miguuni, kipite sakafuni, kipande ngazi moja baada ya nyingine na kijikunje kwenye kila kona. Njia tatu ndizo zinazotumika sana: kukikata kivuli vipande kwa mkono, kichujio cha Displace ndani ya Photoshop, na Blender, programu ya kujenga vitu vya 3D. Kila moja ina mahali pake. Hapa nazilinganisha kwa kazi hii hii moja, kwa sababu ngazi ndizo zinazofichua udhaifu wa njia mbaya haraka kuliko ukuta.

Kabla ya kuchagua njia, lazima ujue kivuli kinatakiwa kuangukia wapi. Usipojua hilo, hakuna programu itakayokuokoa.

Kivuli kinavyotumia urefu wa mtu

Sakafuni, kivuli cha jioni kinavutika. Kwenye ukuta ulio wima hakivutiki: sentimita 20 za mwili wima zinabaki sentimita 20 ukutani, jua liwe juu au chini. Tena, kitu kilichosimama wima, kama nguzo au mwavuli uliofungwa, kivuli chake ukutani nacho husimama wima, hata jua likitoka pembeni. Mlalo unaonekana sakafuni tu. Kanuni hizi mbili zinatosha kwa karibu kila kitu kinachofuata.

Ili upate mwinuko wa jua, tafuta kwenye picha ya ngazi kitu kilichosimama na kivuli chake kimelala sehemu bapa. Kwenye ngazi zetu kuna reli ya chuma. Nguzo yake ya kwanza ina urefu wa sentimita 90, na kivuli chake sakafuni kina sentimita 247. Gawa 90 kwa 247 upate 0.364, ambayo ni tanjenti ya nyuzi 20. Kwa Dar es Salaam mwezi Machi, hilo ni jua la saa 11 na dakika chache jioni. Muda huo linashuka kwa takriban nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo dakika 20 tu zinalitoa nyuzi 20 hadi nyuzi 15, na kivuli cha mtu wa mita 1.7 kinaruka kutoka mita 4.7 hadi mita 6.3. Kama picha ya mtu na ya ngazi zimepishana kwa nusu saa, fuata jua la ngazi, kwa sababu vivuli vyake vimeshachorwa pale na huwezi kuvihamisha.

Sasa mpandishe mtu wetu. Ana mita 1.7, amesimama mita moja kabla ya ngazi ya kwanza, jua linatoka mbele yake, na ngazi ziko nyuma yake. Kila ngazi ina uso wa wima wa sentimita 15 na sehemu ya kukanyaga ya sentimita 30. Mita moja ya sakafu inakula sentimita 36 za mwili kuanzia nyayo. Uso wa wima unakula sentimita 15 kamili. Sehemu ya kukanyaga inakula 30 mara 0.364, yaani karibu sentimita 11. Kila ngazi basi inameza sentimita 26 za mtu.

Ukihesabu hivyo, magoti yanaangukia uso wa wima wa ngazi ya kwanza. Kiuno kiko kwenye uso wa wima wa ngazi ya tatu. Mabega yanafika pale ngazi ya nne inapokutana na ya tano. Kidevu kiko kwenye uso wa wima wa ngazi ya tano, halafu uso wake unalala kwenye sehemu ya kukanyaga ya ngazi hiyo hiyo, ambapo sentimita 11 zimevutika hadi 30. Sentimita 4 za mwisho za utosi zinasimama kwenye ngazi ya sita. Kichwa kimoja, nyuso tatu. Mtu anayetazama picha hafanyi hesabu hii, lakini jicho lake limeona vivuli maisha yake yote, na akiona kichwa kizima kimelala vizuri juu ya ngazi moja atakwambia, "Kaka, hiki kivuli mbona kama kimebandikwa?"

Jua likiwa limekaa upande kidogo, umbali unaoupima ni ule unaofuata mwelekeo wa kivuli, na huo ni mrefu kuliko kina cha ngazi chenyewe. Kwa jua lililopinda nyuzi 30 kutoka mbele, zidisha kina kwa 1.15. Kivuli kitakwenda mshazari kwenye sehemu za kukanyaga na kusimama wima kwenye nyuso za wima, hivyo ukingo wake utachora meno kama ya msumeno. Hicho ndicho kipimo cha haraka zaidi cha kivuli cha ngazi: mistari ya kwenye sehemu za kukanyaga ifuate mwelekeo mmoja, na iliyo kwenye nyuso za wima isimame.

Njia ya kwanza: kukata vipande kwa mkono

Hii ndiyo njia ninayoipenda kwa ukuta mmoja, na inahitaji Photoshop pekee. Shika Ctrl ubonyeze kijipicha cha leya ya mtu ili upate umbo lake, fungua leya mpya, jaza rangi nyeusi, kisha igeuze kuwa Smart Object. Usiiruke hatua hiyo ya mwisho. Utavuta umbo mara nyingi, na bila Smart Object kila mvuto unakula ncha za vidole na nywele.

Kwa ukuta unahitaji nakala mbili tu. Moja unailaza sakafuni kwa Edit > Transform > Distort, nyayo za kivuli zikiwa zimeshikana na nyayo za mtu. Nyingine unaiacha imesimama ukutani bila kuivuta, ukiipunguza kidogo tu kwa sababu ukuta uko mbali na kamera kuliko mtu. Jua likiwa upande wa kamera usigeuze kushoto kuwa kulia: mkono ulio kushoto kwenye picha, kivuli chake kiko kushoto pia. Kisha kila nakala inapewa maski inayoishia kwenye mstari wa kona. Kiungo kilichofika kwenye mstari huo lazima kiwe kile kile pande zote mbili. Ukiona suruali ina upana mmoja sakafuni na upana mwingine inapoanza kupanda ukuta, nakala mojawapo imewekwa vibaya, na ukungu wa aina yoyote hautaficha.

Kwenye ngazi hali inabadilika. Mfano wetu una kipande cha sakafu, nyuso sita za wima na sehemu tano za kukanyaga, jumla vipande 12, kila kimoja na Distort yake na maski yake. Inawezekana. Chora kwanza mistari ya mwongozo kwenye leya tupu, weka alama za sentimita za mwili kwenye umbo jeusi (36, 51, 62, 77 na kuendelea), kisha peleka kila alama kwenye kona yake. Ubaya wake unakuja mteja anapopiga simu kusema mtu asogezwe nusu mita kushoto na nyuma. Vipande vyote 12 vinakufa, unaanza upya.

Kuna kikwazo kingine kikubwa zaidi, na hiki wengi hawakioni. Umbo ulilolikata ni lile lililoonwa na kamera, wakati kivuli ni umbo lililoonwa na jua. Jua likiwa karibu na mgongo wa mpiga picha, maumbo hayo mawili yanafanana vya kutosha. Likifika pembeni kabisa, mtu anayetazama kamera anatakiwa kuwa na kivuli cha mtu wa ubavuni: pua inaonekana, mabega yamekuwa membamba, mkono mmoja umeziba mwingine. Kwa mtu aliyesimama wima, mikono ikiwa chini, mimi naikubali tofauti ya hadi nyuzi 30. Akiwa amebeba kikapu au ameshika kiuno, hata hiyo ni nyingi.

Dawa iko kwenye siku ya kupiga picha. Baada ya kupiga ile unayoitaka, mwambie mwanamitindo, "Dada, usisogee hapo hapo," nenda kasimame upande linakotoka jua, na umpige tena. Ukirudi mezani, mtu unamkata kutoka picha ya kwanza na kivuli kutoka ya pili. Hii inazisaidia njia zote tatu.

Njia ya pili: Displace

Watu wengi huanzia hapa kwa sababu inaonekana kama uchawi: unaipa Photoshop picha ya ukuta, nayo inakipinda kivuli kufuata ukuta huo. Kinachofanyika kweli ni kidogo kuliko hicho. Filter > Distort > Displace inasoma mwanga na giza la faili lingine la PSD. Kijivu cha katikati hakisogezi kitu, cheupe kinasukuma pikseli upande mmoja, cheusi upande mwingine. Haijui kona iko wapi wala jua liko wapi. Ukiipa picha ya ngazi zilizopakwa rangi moja na kuangazwa sawasawa, haitakunja chochote. Ukiipa zenye madoa ya maji, itapinda kivuli kwenye madoa.

Kwa hiyo kwa kona, kwangu Displace haimo kabisa. Mahali pake ni kwenye uso wenye mawimbi madogo: ukuta wa mawe ya matumbawe ambao plasta imeanza kutoka, uzio wa mabati, pazia. Unaandaa nakala ya uso huo isiyo na rangi, unaipa ukungu kidogo ili punje za mchanga zisihesabike, unaihifadhi kama PSD, kisha unaiendesha juu ya kivuli ambacho tayari kimekunjwa kwa njia nyingine. Scale ya 100 inaweza kusogeza pikseli hadi 128, ambayo ni nyingi mno kwa ukuta. Anza na 5, ongeza mpaka ukingo uanze kutetemeka mahali ukuta unapotetemeka, na uishie hapo. Kwa mabati ni bora uchore mwenyewe mistari ya kijivu inayopanda na kushuka kwa nafasi ya mgongo wa bati, kwa sababu kwenye picha upande wa bati wenye giza ni ule uliolipa jua kisogo, na huo sio lazima uwe ulioingia ndani.

Njia ya tatu: Blender

Hapa huchori kivuli. Unajenga ngazi na kuacha jua la kompyuta lifanye kazi. Blender ni ya bure na fSpy ni ya bure, kwa hiyo gharama ni muda wa kujifunza na kompyuta isiyochoka haraka.

Picha ya ngazi inaingia kwanza fSpy. Unalaza mistari yake juu ya kingo za ngazi zinazokwenda kulia na zile zinazokwenda ndani, nayo inakokotoa kamera ilikuwa wapi na lenzi ilikuwa pana kiasi gani. Tumia picha nzima. Ikikatwa upande mmoja, katikati ya picha sio tena katikati ya lenzi, na ngazi utakazojenga zitakubali mbele na kukataa nyuma. Hilo unaligundua mapema ukiona kingo za ngazi ya juu zimepishana na za kwenye picha.

Ukishaifungua kamera hiyo ndani ya Blender, jenga ngazi kwa vipimo halisi: sentimita 15 juu, 30 ndani. Ndiyo maana natembea na futi kamba. Zipe ngazi hizo Shadow Catcher kwenye Object Properties > Visibility, tumia Cycles, na uwashe Film > Transparent. Mtu anaingia kama kibao kilichosimama wima chenye PNG yake iliyokatwa, urefu mita 1.7, kimegeuzwa kulitazama jua, na picha ya juu yake ni ile uliyoipiga kutoka upande wa jua. Kwenye Ray Visibility mwondolee Camera ili kamera imwone kivuli tu.

Jua halikisiwi. Jenga nguzo ile ya reli kama mcheduara wa sentimita 90 mahali ilipo, kisha zungusha Sun mpaka kivuli cha nguzo yako kilale juu ya kivuli cha nguzo ya kweli kwenye picha, kuanzia chini ya nguzo hadi ncha ya kivuli. Vikikubaliana kote, mtu atakubali pia. Ficha nguzo, toa PNG, rudi Photoshop. Mteja akitaka mtu asogee nusu mita, unasogeza kibao na kutoa PNG nyingine.

Ukungu wa kingo nao unakuja wenyewe, na hapa ndipo kazi ya mkono huachwa nyuma bila mtu kujua kwa nini. Jua angani lina upana wa takriban nusu nyuzi, kwa hiyo ukingo wa kivuli unalainika kwa karibu sehemu moja ya mia ya umbali kutoka kwa kiungo kinachokitupa. Nyayo ni kali. Sakafuni ulaini unaongezeka polepole. Lakini kwenye uso wa wima haubadiliki kutoka chini hadi juu, kwa sababu kila sehemu ya mwili iko umbali ule ule kutoka kwenye uso huo. Ngazi ya kwanza ina ukingo laini wa sentimita moja hivi, ya sita sentimita mbili na nusu. Kwenye Blender ni kuacha tu Angle ya Sun kwenye 0.526°. Kwa mkono, kila kipande kinahitaji Gaussian Blur yake: kama sentimita 15 za uso wa wima wa kwanza ni pikseli 90, sentimita moja ni pikseli 6, na Radius iwe karibu robo ya hapo, 1.5. Kumwaga mtelezo mmoja wa ukungu kutoka nyayo hadi kichwa, kama mafunzo mengi ya mtandaoni yanavyoelekeza, ni sawa kwa kivuli kilicholala chini tu.

Rangi, kwa njia yoyote utakayochagua

Usiweke nyeusi ya Multiply na kucheza na Opacity. Kivuli cha nje bado kinaangazwa na anga, kwa hiyo kina ubuluu kidogo, hasa jioni jua likiwa la manjano. Tumia umbo la kivuli kama maski ya leya ya Curves. Pima kwa Info zege lenye jua karibu na kivuli cha reli, kisha zege lililo ndani ya kivuli hicho. Tuseme la kwanza ni 190, 178, 160 na la pili 84, 88, 96. Fungua Red, weka Input 190 na Output 84. Green, 178 kwenda 88. Blue, 160 kwenda 96. Kivuli kipya kitafanana na kivuli cha zamani kwenye zege lile lile. Sakafu ikiwa ya vigae na ngazi za zege, kila moja na Curves yake.

Mahali ambapo kivuli cha reli au cha mwembe kilishafika, kifute kwenye maski. Jua lililokwishazibwa haliwezi kuzibwa tena, na giza juu ya giza ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kwenye matangazo ya barabarani. Vivyo hivyo, ngazi zikiwa zimelipa jua kisogo, nyuso zake za wima zimo kivulini tayari na hazipokei kivuli cha mtu. Na kama ngazi zilipigwa siku ya mawingu mazito, acha. Kivuli kirefu hakina pa kutokea.

Ningechagua ipi

Ukuta mmoja, jua nyuma yako, mtu amesimama vizuri: kata kwa mkono, na utamaliza kabla fSpy haijafunguka. Ngazi mbili au tatu, kwa mkono bado inalipa, mradi nafasi ya mtu imeshakubaliwa na mteja. Kuanzia ngazi nne, au jua likiwa pembeni, au kazi ikiwa na wanamitindo kadhaa mbele ya ngazi zile zile, nenda Blender bila kusita, kwa sababu ngazi unazijenga mara moja na kila mtu mpya ni kibao kipya. Displace iongeze mwishoni ukuta ukiwa na mikunjo yake, na uiache ukuta ukiwa laini.

Picha ya ngazi ikiwa imetoka mtandaoni, haina vipimo na imekatwa, mizani inarudi upande wa mkono. Hapo fSpy itakudanganya. Chukua uso wa wima kuwa sentimita 15 au 17, hesabu mwili unavyogawanyika kama tulivyofanya, ukague kwa meno ya msumeno, na umwambie mteja mapema kwamba mtu akishawekwa hasogei.

Kwa kazi ya Upanga, jua lilikuwa nyuzi 40 kulia na wanamitindo walikuwa wanne. Ilikwenda Blender, Displace haikuguswa, na nilichokifanya kwa mkono ni pindo za kitenge tu, maana upepo ulikuwa umezipeperusha kati ya picha ya kamera na ile ya upande wa jua.